Nafasi Moja, Majibu Mawili: "Needn't have" na Wenziwe

Mwalimu atungaye zoezi la Kiingereza la kujaza nafasi kuhusu vitendo vilivyopita hana budi ajiulize kwanza: je, kitendo kilitendeka? "Could have" huonyesha hasa fursa iliyokuwapo ikaachwa ipite. "Needn't have" huonyesha jambo lililofanywa, kisha ikabainika kuwa halikuwa na haja. Yote mawili hufuatwa na umbo la tatu la kitenzi. "Didn't need to", ambayo hufuatwa na kitenzi katika umbo lake la asili, husema tu kwamba haja haikuwapo. Kama kitendo kilitendeka au la, haisemi.

Ukimya huo ndio uliotuponza. Tulipata kuandika ubaoni:

"We ______ (carry) water, because there was a tap at the school."

Tulitarajia "needn't have carried", na walioandika "didn't need to carry" tukawatia alama ya kosa. Kosa lilikuwa letu. Sentensi haikuonyesha kama maji yalibebwa, kwa hiyo majibu yote mawili yalifaa. Kiswahili nacho hakimsaidii mwanafunzi hapa, kwani "hatukuwa na haja ya kubeba maji" husemwa na aliyebeba na asiyebeba vilevile.

Tulirekebisha hivi:

"There was a tap at the school, so we ______ (carry) water and we walked there with empty hands."

Mikono mitupu yathibitisha kwamba maji hayakubebwa. "Needn't have carried" haiwezekani tena. Kisha tukaandika:

"We ______ (carry) water. We brought the full bucket back home."

Ndoo iliyorudi imejaa yaonyesha kwamba maji yalibebwa bure, na "needn't have carried" ndiyo yafaa zaidi. Hata hivyo, ushahidi huu hauna nguvu kama ule wa kwanza. Mwingereza aweza pia kusema "we didn't need to carry" juu ya jambo alilolifanya. Basi ama mwalimu aeleze katika maagizo kwamba kitendo kilichotendeka kiandikwe kwa "needn't have", ama akubali majibu yote mawili.

"Could have" ina wepesi wake, kwa kuwa Kiswahili kina "-ngali-":

"You walked in the hot sun? You ______ (take) the two o'clock bus."

Jibu ni "could have taken". Mwanafunzi aelewaye kwamba "mngaliweza kupanda basi" husemwa kwa watu wasiopanda, hupata maana mara moja. Mara nyingi hukosea umbo tu, akaandika "could have took".

Lakini "He could have left his book on the bus" huweza kuwa kukisia tu: labda alikiacha humo. Sentensi ya namna hiyo tusiichanganye katika zoezi la fursa zilizopotea. Ipewe somo lake.