Dondoo muhimu: Kirejeshi hufuata nomino

Usiandike “kitabu nilisoma jana kimepotea.” Andika “kitabu nilichosoma jana kimepotea.” Hapo -cho- inafuata kitabu, si mimi msomaji. Lingekuwa gazeti, ungeandika nililosoma; ingekuwa barua, niliyosoma.

“Kitabu ambacho nilichosoma” ni kosa linalosikika hata redioni, nalo linaudhi, kwa sababu kirejeshi kimewekwa mara mbili. Chagua kimoja: kitabu nilichosoma, au kitabu ambacho nilisoma.

Angalia pia wakati. Watu wanaokuja leo, safari yao ikisogezwa hadi kesho, ni watu watakaokuja, si “wataokuja”. Wakati ujao hudai -taka-. Na -me- haipokei kirejeshi ndani ya kitenzi. Usiseme “watu wameokuja”. Sema watu ambao wamekuja, au waliokuja.