Usiongeze namba kabla ya kupimwa

SWALI: Nina miaka 49, naishi Katy, Texas, na nafanya hesabu kwenye kompyuta siku nzima. Nilianza na miwani ya kusomea ya duka la dawa, namba +1.50. Mwaka jana nikahamia +2.00, sasa navaa +2.75. Jioni kichwa kinauma, na jicho la kulia lina ukungu. Ninunue +3.00?

JIBU: Usinunue, ndugu yangu.

Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa, na kuona karibu kunakuwa kugumu. Huo si ugonjwa. Anayeona mbali vizuri kwa macho yote mawili, akavaa miwani hiyo kusoma barua au maandishi ya chupa ya dawa, haharibu macho. Kwa umri wako wengi hutosheka na +1.50 hadi +2.00.

Kichwa chako nadhani nakielewa. Kama macho yako hayana kasoro ya kuona mbali, ukivaa +2.75 kila kilicho mbali zaidi ya sentimita 36 hivi kinafifia. Kioo cha kompyuta huwa umbali wa sentimita 60 au zaidi. Kwa hiyo unakisogelea, shingo mbele, mpaka jioni. Namba kubwa zaidi itakuvuta karibu zaidi.

Jicho la kulia ndilo linalonitia wasiwasi. Vaa miwani, ziba jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, soma mstari mmoja, kisha ubadilishe. Miwani ya dukani ina namba moja pande zote mbili, hivyo huenda macho yako yanatofautiana tu, au jicho moja lina mpindo ambao lenzi hizo hazirekebishi. Lakini ukungu usioondoka kwa namba yoyote unaweza kuwa mtoto wa jicho. Na namba inayobadilika haraka hivi huweza kutokana na kisukari, kwa sababu sukari ikipanda na kushuka lenzi nayo hubadilika. Pima sukari kabla ya kutengenezewa miwani.

Kuna na presha ya macho, yaani glakoma. Hiyo kwa kawaida haiumi, na hula kwanza uoni wa pembeni, huku maandishi yaliyo mbele yako yakisomeka vizuri kabisa. Sisi watu wenye asili ya Afrika inatupata zaidi, na mapema zaidi. Miwani ya kusomea haiwezi kukuonyesha kwamba ipo.

Chuo Kikuu cha Houston kina kitivo cha upimaji wa macho chenye kliniki inayopokea wananchi. Wapo pia wataalamu hapo hapo Katy. Omba wapanue mboni, wapime presha na waangalie mshipa wa fahamu wa jicho. Chukua miwani yako yote mitatu, na uwaambie uliinunua lini. Ukiona pazia, mimweko ya ghafla, au jicho likiuma na kuwa jekundu, nenda siku hiyo hiyo. Vinginevyo, piga simu kesho asubuhi upange miadi ya wiki hii.