Tenga Mtandao wa Mitambo na Mtandao wa Ofisi: Mwongozo kwa Viwanda na Miradi ya Maji Migori na Homa Bay

Kama unafanya kazi katika kiwanda cha sukari Awendo au Ndhiwa, katika kampuni ya maji, au umo kwenye kamati ya mradi wenye pampu inayojiwasha na kujizima, huenda kompyuta ya malipo na mtambo wenyewe vimeunganishwa kwa waya mmoja. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuvitenga, na kwa nini kusasisha programu za mitambo hakutoshi.

Mitandao hii miwili ni ipi?

Mtandao wa ofisi hubeba barua pepe, mishahara na hesabu za wakulima. Mtandao wa mitambo huunganisha vidhibiti, yaani visanduku ambavyo mafundi huviita PLC. Kidhibiti husoma kiwango cha maji ndani ya boila au tangi, kisha hufungua vali au kuzima pampu. Mtandao huu pia una kompyuta ambayo opereta huitazama ili kujua mtambo unaendeleaje.

Kuna hatari gani ikichanganywa?

Vidhibiti vingi hupokea amri bila kuuliza imetoka kwa nani. Modbus, mojawapo ya lugha vinazotumia kuwasiliana, ilibuniwa mwaka 1979, na katika umbo lake la kawaida haina nywila. Yeyote anayekifikia kidhibiti kupitia mtandao anaweza kukiamuru.

Nchini Ukraine, wavamizi waliingia katika kampuni za kusambaza umeme kupitia barua pepe zilizofunguliwa na wafanyakazi wa ofisi. Walipekua kwa miezi hadi wakaufikia upande wa mitambo. Mnamo Desemba 2015 walikata umeme kwa wateja wapatao 225,000, kwa saa kadhaa.

Kwa nini tusiweke tu masasisho, kama tunavyofanya kwenye simu?

Kwa sababu sasisho, yaani rekebisho linaloziba tundu la programu, mara nyingi hulazimu kifaa kuzimwa na kuwashwa upya. Fikiria kiwanda cha sukari wakati wa msimu. Boila iliyopoa huchukua saa nyingi kupata tena mvuke wa kutosha. Malori na trekta zimepanga foleni langoni, na miwa iliyokwisha kukatwa hupoteza sukari kadiri inavyongoja. Hakuna meneja atakayesimamisha usagaji kwa ajili ya sasisho.

Sababu ya pili ni mtengenezaji. Kompyuta ya opereta huuzwa pamoja na programu iliyojaribiwa kwenye toleo moja tu la mfumo. Ukiisasisha bila idhini yake, skrini inaweza kugoma na dhamana ikapotea. Ndiyo maana bado utakuta Windows 7 kwenye vyumba vya mitambo, ingawa Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida Januari 2020.

Tatu, kusasisha kidhibiti chenyewe kunaweza kufuta maagizo yaliyomo. Kama aliyeyaandika alishaondoka na hakuna nakala, mtambo utasimama hadi yaandikwe upya. Kwa hiyo tundu litakaa wazi kwa miezi, wakati mwingine miaka. Ukuta kati ya mitandao ndio utakaolikinga muda huo wote.

Nianzie wapi?

Tembea ukiwa na karatasi na kalamu. Fuata kila waya unaotoka kwenye chumba cha mitambo na uchore unakofika. Kazi hii haigharimu chochote ila muda, na hapa ndipo njia zilizosahaulika huonekana. Tafuta hasa vitu vitatu. Kwanza, kompyuta yenye kadi mbili za mtandao, moja ya ofisi na moja ya mitambo. Pili, modemu yenye laini ya simu iliyoachwa na mkandarasi ili asaidie akiwa mbali. Tatu, ruta ya waifai ambayo mtu aliichomeka kwa urahisi wake.

Usitumie programu za kukagua mtandao wakati mtambo unafanya kazi. Vidhibiti vya zamani vinaweza kuganda vikipokea maswali mengi kwa mpigo.

Nijenge ukuta vipi?

Chukua mfano wa kiwanda ambacho meneja anataka kuona tani zilizosagwa kila saa. Vidhibiti na kompyuta ya opereta viwe na swichi yao na anwani zao, tuseme zinazoanza na 192.168.20. Ofisi ibaki na 192.168.10. Kati yao weka faiwali, kifaa kinachoamua ujumbe upi upite. Kwa mradi mdogo, ruta yenye uwezo wa kuchuja inatosha. Tenga kati ya Sh8,000 na Sh15,000 za kifaa, na ujira wa fundi kando.

Sasa ongeza kompyuta ya kati yenye anwani 192.168.30.5, kwenye tundu lake la faiwali. Hii ni kama sebule: mgeni huhudumiwa hapo bila kuingia vyumba vya ndani. Kompyuta ya opereta hupeleka humo nakala ya takwimu, na meneja huzisoma humo. Kanuni za faiwali ni tatu: mitambo inaruhusiwa kupeleka takwimu kwenye kompyuta ya kati, ofisi inaruhusiwa kusoma kutoka humo, mengine yote yanazuiwa. Bila kanuni hiyo ya mwisho, ukuta haupo.

Nitajuaje kwamba ukuta umefanya kazi?

Pima wakati mtambo umesimama. Kwenye kompyuta ya ofisi yenye Windows, fungua PowerShell, kisha andika amri hii ukiweka anwani ya kidhibiti chako:

```
Test-NetConnection 192.168.20.10 -Port 502
```

Namba 502 ndiyo mlango wa Modbus. Kama vidhibiti vyako vinatumia lugha nyingine, muulize fundi namba yake. Ukiona `TcpTestSucceeded : True`, ukuta una tundu. `False` ni jibu zuri, lakini rudia amri hiyo ukiwa upande wa mitambo, kwa kompyuta yenye Windows mpya kuliko Windows 7 ambayo haina amri hii; huko inapaswa kutoa `True`. La sivyo, huenda kidhibiti kilikuwa kimezimwa tu.

Ukuta huu hauzuii nini?

Hauzuii fleshi inayochomekwa kwenye kompyuta ya opereta, wala modemu ya mkandarasi. Iache modemu ikiwa imezimwa, iwashwe kwa miadi, na izimwe kazi ikiisha. Badilisha pia nywila za kiwandani. Novemba 2023, kampuni ya maji ya Aliquippa, Marekani, ilivamiwa kupitia kidhibiti cha Unitronics. Vidhibiti vya aina hiyo vilikuwa vikishambuliwa vikiwa wazi kwenye intaneti, na nywila yao ya kiwandani ilikuwa `1111`. Wafanyakazi waliendesha pampu kwa mikono, kwa hiyo nanyi fanyeni zoezi hilo kabla hamjalihitaji.

Masasisho yawekwe lini?

Subiri matengenezo ya mwaka, kiwanda kikiwa kimesimama. Kabla ya hapo, pata idhini ya mtengenezaji kwa maandishi. Weka nakala mbili za maagizo ya kila kidhibiti, moja ikiwa nje ya kiwanda. Jaribu sasisho kwenye kifaa cha akiba, kisha kwenye mtambo usio muhimu. Likikataa, rudisha toleo la zamani.

Tukivamiwa tumwambie nani?

Chomoa waya kati ya faiwali na ofisi, endesheni mitambo kwa mikono, na msifute chochote kwenye kompyuta. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya mwaka 2018 inataka taarifa ifikishwe ndani ya saa 24 kwa kamati ya kitaifa inayoratibu masuala hayo. KE-CIRT, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, pia hupokea taarifa. Bandika namba zao ukutani karibu na skrini ya opereta, pamoja na ule mchoro wa nyaya, ili hata wa zamu ya usiku ajue ni waya upi wa kuchomoa.