Mafunzo Niliyopata: Kuazima Jina la Mtu

Tangu ijulikane kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, litaishia Chongoleani, watu wengi hapa Tanga wamekuwa wakitafuta mlango wa kuingilia kwenye kazi za chakula, usafiri na ulinzi. Mimi ni wakala wa forodha, na wengi hunijia wakiamini nawajua wakubwa.

1. Jina huazimwa kwa ruhusa. Kijana mmoja wa Ngamiani aliomba kumpelekea mboga mkandarasi mdogo. Alipoulizwa uzoefu wake, akajibu kuwa mimi ni mzee wake na ndiye niliyemtuma. Afisa manunuzi akanipigia papo hapo. Nilimfahamu kijana yule kwa sura tu, nikasema hivyo. Bei yake ilikuwa nzuri, ila baada ya simu ile hata risiti zake halali zilitiliwa shaka, akakosa kazi.

Alikuja kuniomba radhi. Nilimwambia ukitaka kutaja jina la mtu, kwanza mweleze unakwenda kwa nani, unaomba nini, na ungependa aseme nini juu yako. Kisha umwachie nafasi ya kukataa bila kununa. Baadaye alianza kuuza kwa mama lishe ninaowajua Soko la Mgandini, na mimi nikawa napita kuwauliza habari zake. Barua niliyomwandikia mwishowe ilikuwa fupi: anafika kabla ya saa moja asubuhi, mizani yake haipunji, na mzigo ukiharibika anaurudisha mwenyewe. Sikuandika kwamba ni kijana wangu, kwa sababu si kweli, na mnunuzi hakuhitaji kulijua hilo.

2. Ushawishi hauuzwi. Wapo wanaodai "ya soda" ili wakupeleke kwa bosi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inahesabu kuwa kosa kumpa mtu manufaa ili atumie ushawishi wake, na anayepokea naye hana salama. Kumtambulisha mtu kwa haki hakuna bei.

3. Sifa ya kweli hutaja kazi. "Mzee, Tanga nzima hakuna kama wewe" ni uchawa, na anayeambiwa hujiandaa kuombwa. Ukimwambia kwamba makaratasi aliyokusahihishia yalikuokoa gharama za kuhifadhi kontena bandarini, hapo umemshukuru.

4. Shida isemwe mapema. Kumjulia mtu hali nusu saa nzima, kisha ukatoa bahasha ya maombi wakati wa kuaga, ni kuichafua salamu yenyewe. Sema mlangoni: "Shikamoo mzee, leo nimekuja na shida." Siku nyingine nenda bila shida. Namjua ofisa mmoja aliyestaafu ambaye simu yake ilikuwa haipoi. Siku hizi wanaomtembelea ni mlinzi wake wa zamani na karani mmoja, watu ambao waomba kazi walikuwa wakiwapita bila salamu.