Dondoo muhimu: Ekstensheni inapopata joto

Usiiamini fyuzi pekee. Ekstensheni huweza kuungua huku fyuzi ikiwa nzima.

Jumlisha wati kabla ya kuchomeka. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye stima ya volti 240 huvuta zaidi kidogo ya ampea 13, na fyuzi ya 13 huvumilia ziada hiyo kwa muda mrefu huku waya mwembamba ukizidi kupata joto. Kwa hiyo birika lipeleke kwenye soketi ya ukutani. Ukisema kwamba unachaji simu tu, angalia ulegevu: chuma cha soketi kikipanuka, plagi hugusa sehemu ndogo, na hapo ndipo joto na cheche huzaliwa bila umeme kuongezeka, kwa hiyo fyuzi haihisi lolote. Wengine watasema Lodwar na Kakuma kila kitu kina joto. Ni kweli, ndiyo maana ulinganishe: gusa plastiki ya soketi inayotumika, kisha ile isiyotumika. Tofauti ikiwa wazi, chomoa.

Swichi kuu ikijizima, chomoa vyote, uwashe, kisha rudisha kimoja kimoja. Ikijizima ekstensheni ikiwa tupu, kosa ni lake. Usikaze soketi kwa kijiti wala karatasi. Plagi ikiyumba, plastiki ikiwa na weusi au harufu ya kuungua, itupe ekstensheni. Ikate waya kwanza (ikiwa imechomolewa, bila shaka), asije mtu akaiokota jalalani na kuitumia tena.