Mimba Zabibu: Kusafishwa Kizazi Si Mwisho wa Matibabu

Somo la mwezi huu ni la akina mama, lakini waume nao wakae wasome, maana kuna sehemu inayowagusa wao moja kwa moja.

Mama anaweza kukosa hedhi, akapima mkojo akaambiwa ana mimba, akatapika, tumbo likakua, na kumbe ndani hakuna mtoto. Kuna uvimbe wa vifuko vidogo vya maji vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Ndiyo maana kwa Kiswahili huitwa mimba zabibu.

Inatokeaje? Katika mimba ya kawaida, yai la mama huleta kromosomu 23 na mbegu ya baba huleta 23. Katika mimba zabibu kamili, yai linakuwa tupu, halina kromosomu za mama. Mbegu ya baba inaingia, inajirudufu, na kila kitu kinatoka upande mmoja. Kondo la nyuma linakua ovyo ovyo na mtoto hafanyiki kabisa. Aina ya pili ni ile ya nusu, ambapo mbegu mbili zinaingia katika yai moja. Hapo mtoto anaweza kuanza kufanyika, lakini karibu kila mara hawezi kuishi.

Kosa hilo hutokea siku ile ile mimba inapotungwa. Halitokani na chakula, wala kubeba maji, wala sindano ya uzazi wa mpango, wala dhambi ya mama, wala mkono wa jirani. Ninyi waume mnaosema mke amezaa kitu kibaya, fahamuni kwamba katika ile kamili kromosomu zote ni zenu, na hata ninyi hamna kosa. Kwa makadirio, hutokea kama mara moja katika mimba 1,000. Wasichana wadogo sana na akina mama waliopita miaka 40 huipata zaidi.

Dalili

Dalili ya kwanza kwa wengi ni damu kutoka ukeni katika miezi mitatu au minne ya kwanza, mara nyingi ya rangi ya kahawia. Wakati mwingine vifuko vyenyewe hutoka pamoja na damu. Ukiona hivyo, usivitupe. Viweke katika chombo safi uende navyo kituo cha afya. Dalili nyingine ni tumbo kuwa kubwa kuliko miezi yake: mama anahesabu miezi mitatu, mkunga anashika tumbo la miezi mitano. Kutapika kunazidi kiasi. Wengine moyo huenda mbio na mikono hutetemeka, na wengine presha hupanda mapema, kabla ya wiki 20, wakati ambapo kwa kawaida haipandi. Ekografi ndiyo inayoonyesha: badala ya mtoto na moyo unaopiga, daktari anaona kitu kama chembe chembe nyeupe zimejaa kizazi chote.

Matibabu ni kutoa yote yaliyomo kizazini kwa mashine ya kunyonya. Kazi hii si ya kituo kidogo, kwa sababu damu inaweza kutoka nyingi na lazima iwepo ya kumwongezea mama. Hapa kwetu njia huwa ni kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na ikihitajika hospitali ya rufaa kama CHUK. Kilichotolewa kipelekwe maabara kuchunguzwa. Mkisafishwa, ulizeni: kimepelekwa? Majibu nichukue lini? Wengi waliosafishwa wakiambiwa mimba imeharibika hawakujua kamwe kwamba ilikuwa zabibu.

Kwa nini kupimwa tena na tena

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mama amesafishwa, damu imekoma, anajisikia vizuri, amerudi nyumbani. Kwa nini arudi hospitali kila wiki?

Ni kwa sababu chembe za mimba hii zina tabia ya kuchimba na kuingia ndani ya nyama ya kizazi. Mashine haiwezi kuzifikia zote. Kwa walio wengi, mwili wenyewe humaliza yaliyobaki. Lakini kati ya akina mama 100 waliopata ile kamili, kama 15 hadi 20 hubaki na chembe zinazoendelea kukua, na hizo zinaweza kugeuka kuwa saratani. Kwa ile ya nusu ni wachache, chini ya 5 katika 100. Kwa macho huwezi kujua nani yumo katika kundi gani.

Tunaloshukuru ni kwamba chembe hizi haziwezi kujificha. Zinatoa homoni ya mimba, ambayo kwenye karatasi ya maabara huandikwa hCG. Pafukapo moshi hapakosi moto: maadamu homoni hiyo iko katika damu, chembe zipo mahali fulani mwilini. Kwa hiyo damu hupimwa kila wiki mpaka homoni isionekane kwa wiki tatu mfululizo. Kisha hupimwa kila mwezi. Miezi mingapi, daktari atasema: miongozo ya siku hizi inaruhusu mwezi mmoja kwa ile ya nusu na mitatu kwa ile kamili, lakini hospitali nyingi bado hufuata miezi sita.

Tuchukue mama wa mfano, wa miaka 34. Siku ya kusafishwa homoni ilikuwa 210,000. Wiki ya kwanza 24,000. Wiki ya pili 3,100. Wiki ya tatu 480. Mtu angesema, amepona, mbona imeshuka hivi! Lakini wiki ya nne ni 470, ya tano 495, ya sita 485. Hajisikii ugonjwa wowote. Hata hivyo vipimo vinne, katika muda wa wiki tatu, vimesimama mahali pamoja, na hiyo yatosha daktari kusema matibabu ya dawa yaanze. Kama namba zingepanda katika vipimo vitatu, kwa muda wa wiki mbili, ingekuwa vivyo hivyo. Mama huyu asingerudi baada ya wiki ya tatu, asingejua lolote mpaka mambo yaharibike.

Kipimo cha mkojo cha kijiti hakitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa kinasema ndiyo au hapana tu, hakionyeshi namba ikishuka au ikisimama. Lakini kina faida moja. Kama miezi imepita tangu usafishwe, hujashika mimba nyingine, na kijiti bado kinasema ndiyo, usikae nyumbani.

Dawa ipo, na inaponya

Mwaka 1956 huko Marekani, daktari Min Chiu Li, mzaliwa wa China, pamoja na mwenzake Roy Hertz, waliwapa dawa ya methotreksati wanawake wenye saratani hii iliyokwisha kufika mapafuni. Uvimbe ulitoweka. Li aliendelea kuwapa dawa hata baada ya uvimbe kutoonekana, kwa sababu homoni ilikuwa bado inaonekana katika mkojo. Wakubwa wake waliona anawapa wagonjwa sumu bure, wakamwondoa kazini. Baadaye ikajulikana kwamba wale walioachishwa dawa mapema ugonjwa uliwarudia, na wake walibaki wazima. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker. Mpaka leo madaktari hufuata njia yake: dawa haikomi siku homoni inapopotea, bali huongezwa kwa majuma kadhaa zaidi.

Mama wetu wa mfano, ugonjwa ukiwa bado kizazini, angepewa sindano za methotreksati siku ya 1, 3, 5 na 7, na vidonge vya kuulinda mwili siku zilizo katikati. Kisha apumzike, na kurudia kila baada ya wiki mbili. Daktari hujumlisha alama kufuatana na umri, muda uliopita, namba ya homoni, na mahali ugonjwa ulipofika. Wenye alama 0 hadi 6 hupona karibu wote, na kizazi hubaki. Wenye 7 na kuendelea huhitaji dawa kadhaa kwa pamoja, na safari inakuwa ndefu. Nchini Rwanda dawa hizi hutolewa katika hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012. Madaktari wa huko waliandika habari za wanawake 35 waliotibiwa kati ya 2012 na 2014. Walio wengi walifika wakiwa tayari katika kundi la hatari kubwa.

Wanachelewa kwa sababu ugonjwa ukitoka kizazini huenda hasa mapafuni. Mama anakohoa, anatoa damu, anakonda. Kila mtu anafikiri kifua kikuu, na picha ya kifua inafanana. Makohozi hayaonyeshi vijidudu, lakini anaanzishiwa dawa za kifua kikuu, na miezi inapita. Kwa hiyo mama anayekohoa damu aliyewahi kuharibikiwa mimba, au hata aliyejifungua salama mwaka huo, amwambie daktari habari hiyo bila kuulizwa, na apimwe homoni. Vilevile damu ya ukeni isiyokoma, au kichwa kikali pamoja na degedege kwa mama wa namna hiyo.

Mambo ya nyumbani

Katika muda wote wa kupimwa, mama asishike mimba. Mimba mpya nayo hutoa homoni ile ile, na daktari hataweza kutofautisha mtoto na ugonjwa. Vidonge, sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango vinaruhusiwa. Kitanzi kisubiri mpaka homoni ipotee, maana kizazi kilicholegea chaweza kutobolewa. Aliyepewa dawa za saratani husubiri miezi 12 baada ya kumaliza. Hapa ndipo mume anapohusika: mwenye haraka ya mtoto anaweza kumponza mkewe.

Na ninyi mnaosimama ibadani kutoa ushuhuda kwamba damu imekoma, toeni, tutafurahi pamoja. Jumatatu yake nendeni maabara kama kawaida. Asiwepo mtu wa kumwambia dada yetu kwamba kupima ni kukosa imani. Nauli ikikosekana, aseme kwa mzee wa kanisa au mshauri wa afya mapema, kabla wiki haijaruka.

Baada ya hapo anaweza kuzaa. Kurudiwa na mimba zabibu hutokea kwa kama mmoja katika 100. Katika mimba inayofuata afanye ekografi mapema, na wiki sita baada ya mimba yoyote kwisha, hata akiwa amejifungua salama, homoni ipimwe mara moja tena kuhakikisha imekwisha.