Bei ya Saa Yako ya Kwanza
Kijitabu kwa watunza hesabu wanaoanza kujitegemea

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mtu aliyewahi kutunza hesabu akiwa ameajiriwa, na sasa anataka kuwafanyia kazi hiyo wenye maduka na biashara ndogo kwa malipo ya saa. Hana mteja wa zamani wa kumtaja, na kila akifikiria bei anaiona kubwa mno kwa mtu kama yeye. Mifano yetu ni ya Dar es Salaam, na fedha zote ni shilingi za Tanzania. Viwango vya mfano ni vya kuonyesha njia tu, weka vyako.

Anayeanza hukabiliwa na maswali mawili kwa pamoja. La kwanza: saa yangu inanigharimu kiasi gani? La pili: mteja ataniamini vipi wakati hanijui? Swali la kwanza ni la hesabu tupu, na jibu lake halibadiliki kwa sababu wewe ni mgeni. La pili ndilo linalohusu ugeni wako, na dawa yake ni kuanza na kipande kidogo cha kazi. Wengi huumia kwa sababu hulijibu swali la pili kwa kupunguza bei.

Kosa la kugawanya mshahara

Tuseme dada mmoja wa Tabata alikuwa analipwa mshahara wa 600,000 kwa mwezi kabla ya makato. Anachukua wiki ya saa 45, ambao ndio ukomo wa saa za kawaida kisheria, anapata kama saa 195 kwa mwezi, anagawanya. Jibu ni 3,077. Anaona elfu tatu kwa saa ni haki, kwa kuwa ndicho alichokuwa akilipwa.

Hesabu hiyo imesahau mambo mawili. Mwajiri alimlipa hata siku za likizo, sikukuu na ugonjwa, na hata saa alizokaa bila kazi mezani. Pia alimchangia NSSF, akampa kompyuta, umeme na intaneti. Sasa vyote hivyo vinatoka mfukoni mwake, na vitalipwa na zile saa chache tu ambazo kuna mteja wa kuzilipia.

Kupata bei yako ya chini

Anza na fedha za mwaka. Dada yetu anataka kubaki na 600,000 zake kwa mwezi. Kodi yake ya mapato na mchango wake wa NSSF vitatoka humo, kama ilivyokuwa alipoajiriwa. Anaongeza 60,000, yaani ile asilimia 10 ambayo mwajiri alikuwa akimchangia, kwa kuwa aliyejiajiri anaweza kuendelea kuchangia kwa hiari. Jumla ni 660,000 kwa mwezi, sawa na 7,920,000 kwa mwaka.

Kisha gharama za kazi. Intaneti na vocha 60,000 kwa mwezi, nauli 60,000, umeme na karatasi 30,000. Kompyuta ya 900,000 inayotarajiwa kudumu miaka mitatu inakula 25,000 kila mwezi, hata kama ilishanunuliwa, maana siku moja itabidi anunue nyingine. Jumla ni 175,000 kwa mwezi, yaani 2,100,000 kwa mwaka. Mahitaji yote ya mwaka ni 10,020,000.

Sasa saa. Mwaka una wiki 52. Ondoa wiki 4 za likizo, sawa na zile siku 28 anazostahili mwajiriwa, na wiki nyingine 4 za sikukuu na ugonjwa. Zinabaki 44. Akifanya kazi saa 40 kwa wiki, si zote zitalipwa. Kutafuta wateja, kufuatilia malipo, kukaa kwenye foleni na kuandika makadirio hakulipwi na mtu. Kwa mwaka wa kwanza, kukisia nusu ni matumaini ya kutosha: saa 20 kwa wiki, saa 880 kwa mwaka.

Gawanya 10,020,000 kwa 880, unapata takriban 11,400. Ongeza asilimia 5 kwa ajili ya ankara ambazo hazitalipwa, na bei inafika 12,000 kwa saa. Ni karibu mara nne ya ile elfu tatu, na hapo ndipo moyo hushtuka. Lakini ukiikagua hesabu, hakuna mstari hata mmoja unaodai kwamba dada huyu ni fundi kuliko wengine. Kuna chakula chake, nauli yake na kompyuta yake tu.

Angalia pia ni namba ipi inayoyumbisha jibu. Akipata saa 25 za kulipwa kwa wiki, fedha zile zile zinahitaji 9,100 tu kwa saa kabla ya ile asilimia 5. Akipata saa 12, zinahitaji kama 19,000. Hawezi kumtoza mteja 19,000 kwa sababu tu wiki zake ziko tupu. Saa zikiwa chache kiasi hicho, cha kufanya ni kutafuta wateja zaidi au kubaki na kibarua cha pembeni kwanza.

Kupima bei kwa soko

Gharama zako zinakuonyesha bei ya chini, lakini mteja hazijui wala hazimhusu. Yeye analinganisha na njia nyingine alizonazo. Waulize watunza hesabu watatu wanaojitegemea: "Kwa duka la ukubwa huu unatoza kuanzia kiasi gani mpaka kiasi gani?" Swali la kiwango hujibiwa kirahisi kuliko "wewe unatoza ngapi?" Waulize pia wenye maduka wawili watatu wanacholipa sasa. Wengi watakutajia jumla ya mwezi, hivyo uliza na kazi yenyewe huchukua muda gani, ugawanye.

Ikiwa soko linalipa chini ya bei yako ya chini, tatizo halimo kwenye ujasiri wako. Aina hiyo ya wateja haiwezi kukulipa, na itabidi utafute wenye mzunguko mkubwa zaidi wa fedha.

Shaka ipi isikilizwe

Shaka nyingine zina maana. Orodhesha kazi ulizozimaliza mwenyewe bila kusimamiwa: kuingiza risiti, kulinganisha daftari na taarifa ya benki, kuandaa orodha ya wadaiwa. Uza hizo tu. Ukaguzi rasmi wa hesabu ni wa waliosajiliwa na NBAA, na ushauri wa kodi nao una wataalamu wake waliosajiliwa. Ukijisikia huna uhakika hapo, uko sahihi. Ikatae kazi hiyo.

Shaka ya pili ni ya kasi: "Mimi ni mzito, nitamlipisha mteja uzito wangu." Hii hutatuliwa kwenye daftari la saa. Saa unazojifunza chombo chako, kwa mfano programu mpya ya hesabu, ni zako. Ziandike pembeni, usimtoze. Saa unazojifunza biashara ya mteja, kama namna anavyokopesha au jinsi alivyochanganya fedha za duka na za nyumbani, ni kazi yake, naye azilipie. Ukitenganisha hivyo, huna haja ya kushusha bei ya kila saa ili kufidia uzito wako.

Mfano: boksi la risiti

Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana boksi la risiti za miezi sita. Dada yetu hataji bei papo hapo. Anaomba risiti za mwezi mmoja, anazipanga huku akiangalia saa. Zinamchukua saa 5, lakini 2 kati yake alikuwa anahangaika na programu. Kazi halisi ni saa 3.

Miezi sita ni saa 18. Kulinganisha na taarifa za benki na za fedha za simu, saa 4. Ripoti, saa 2. Jumla ni saa 24, sawa na 288,000. Anaweka na kikomo: kazi haitazidi saa 28, yaani 336,000, bila kukubaliana kwanza. Kikomo hicho ndicho kinachomwondolea mama hofu ya kulipa mtu mzito asiyemjua.

Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Natoza 12,000 kwa saa, mama. Kwa boksi hili nakadiria saa 24."

"Mbona juu hivyo, mwanangu? Na wewe si ndiyo kwanza unaanza?"

"Ni kweli mama, kwa kujitegemea ndiyo naanza. Ndiyo maana naomba tuanze na mwezi mmoja na ripoti yake: saa 4, 48,000. Usiporidhika tunaishia hapo."

"Sawa, lakini hiyo yote sina. Nina laki mbili."

"Basi tufanye miezi minne ya karibuni. Hiyo ni saa 16, 192,000. Miwili iliyobaki tutaimalizia ukijaliwa."

Mama amepata nafuu aliyoiomba, kama desturi ya kupatana inavyotaka, na bei ya saa haikuguswa. Kilichopungua ni kazi.

Ikibidi upunguze bei yenyewe, taja bei kamili kwanza, kisha punguzo na mwisho wake: "Bei yangu ni 12,000, kwa saa 10 za kwanza nitakufanyia 10,000." Unaachia 20,000 tu, na ankara iandikwe hivyo hivyo. Ukianza kimyakimya na 5,000, mteja huyo atakumbuka 5,000, na kumpandisha mpaka 12,000 baadaye ni zaidi ya mara mbili. Wengi huona rahisi kumwacha kuliko kumwambia.

Mteja akiwa kampuni, huenda akakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye malipo yako. Mdai cheti cha makato, kwa kuwa fedha hiyo huhesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Usiichukulie kama punguzo la bei.

Baada ya miezi mitatu

Rudi kwenye daftari la saa. Gawanya fedha ulizopokea kwa saa zote ulizofanya kazi, za kulipwa na zisizolipwa. Kwa mfano wetu, jibu linapaswa kukaribia 6,000, kwa kuwa nusu ya saa hazilipwi. Likiwa chini sana, angalia kama saa za kulipwa ni chache au kuna ankara zilizolala, kabla ya kuigusa bei. Ikiwa wateja watatu mfululizo wamekubali bei yako bila hata kuuliza, iko chini. Mtajie mteja mpya anayefuata bei ya juu zaidi. Wa zamani mpe taarifa mwezi mmoja kabla.

Karatasi ya kujaza

1. Ninachohitaji kwa mwaka, pamoja na kodi na akiba ya uzeeni: ............
2. Gharama za kazi kwa mwaka: ............
3. Jumla ya 1 na 2: ............
4. Wiki za kazi kwa mwaka: ............
5. Saa za kulipwa kwa wiki (zisizidi nusu ya saa za kazi): ............
6. Mstari wa 4 mara wa 5: ............
7. Mstari wa 3 gawanya kwa wa 6, ongeza asilimia 5: ............
8. Kiwango cha soko nilichoambiwa: kuanzia ............ mpaka ............
9. Bei yangu ya saa: ............
10. Kazi ndogo ya kuanzia nitakayompa mteja mpya, saa zake na jumla yake: ............